Sura ya Saba: Kupanga Deni Upya au Kulihamisha

Mtu ambaye rejesho la mwezi limeanza kumshinda hupata ushauri wa aina mbili. Jamaa zake humwambia atafute benki nyingine yenye riba nafuu, ichukue deni lote. Afisa wa benki yake, akiulizwa mapema, humwambia kwamba mkopo unaweza kupangwa upya. Njia zote mbili huishia kwenye rejesho dogo kuliko la zamani, na ndiyo sababu watu wengi huziona kuwa kitu kimoja. Lakini gharama zake hazifanani, wala hazisomeki kwa namna moja kwenye taarifa zako za mikopo. Tena moja kati yake hufungwa mapema, wakati mwenye deni bado anadhani ana muda wa kufikiri.

Tuziweke sawa kwanza. Kupanga mkopo upya ni makubaliano kati yako na mkopeshaji yuleyule kuhusu deni lilelile. Akaunti haibadiliki. Kinachobadilika ni masharti: muda unarefushwa, au unapewa miezi ya kulipa riba peke yake, au malipo yanasimamishwa kwa kipindi fulani. Kuhamisha mkopo ni kuchukua mkopo mpya, mara nyingi kutoka benki nyingine, na kuutumia kulipa wa zamani mpaka uishe. Deni la kwanza linafungwa na la pili linaanza, likiwa na mkataba wake, ada zake na ratiba yake.

Ya kwanza imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kipato chake kimeyumba. Ya pili ni ya mtu ambaye kipato chake kiko imara ila amepata bei bora. Shida nyingi nitakazozieleza katika sura hii huanza pale mtu wa kundi la kwanza anapotumia dawa ya kundi la pili.

Duka la sare

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme mama mmoja ana duka la sare za shule Mombasa. Alikopa shilingi 3,000,000 kwa miezi 48, riba asilimia 16 kwa mwaka, ikikokotolewa kwa salio linalopungua, na akaweka rehani hatimiliki ya kiwanja. Rejesho lake ni shilingi 85,021 kwa mwezi. Amelipa miezi 18 bila kuchelewa hata siku moja. Salio ni shilingi 2,090,912 na imebaki miezi 30. Akiendelea hivyo mpaka mwisho, riba iliyobaki itakuwa shilingi 459,712.

Sasa shule mbili kubwa alizokuwa akizishonea zimempa kazi mtu mwingine. Akipiga hesabu ya duka, anaona anaweza kutoa shilingi 60,000 kwa mwezi, si zaidi. Anahitaji nafuu ya kama 25,000.

Benki yake inakubali kurefusha miezi 30 iliyobaki iwe 48, kwa riba ileile. Rejesho linashuka hadi shilingi 59,257, kiasi anachokimudu. Lakini jumla ya riba kuanzia leo sasa ni shilingi 753,424 badala ya 459,712. Nafuu hiyo imemgharimu karibu shilingi 294,000, na hata hivyo riba haikupanda kwa nukta moja. Kilichoongezeka ni miezi. Ukiongeza ada ya kupanga upya, tuseme asilimia 1 ya salio, yaani kama shilingi 20,900, atakuwa amelipa jumla ya shilingi 2,865,236 hadi deni liishe.

Hii ndiyo gharama ya kupanga upya, na ni rahisi kuikosa kwa sababu hakuna risiti yake. Imejificha ndani ya miezi 18 ya nyongeza. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, omba ratiba mpya iliyochapishwa, jumlisha marejesho yote, kisha jumlisha yale yaliyobaki kwenye ratiba ya zamani. Tofauti ya jumla hizo mbili, pamoja na ada, ndiyo bei ya makubaliano.

Aina ya nafuu nayo ina uzito. Benki ikimsimamishia malipo yote kwa miezi 3, riba ya miezi hiyo haisamehewi. Inaongezwa kwenye deni, na salio linapanda kutoka 2,090,912 hadi karibu 2,175,700. Anaanza upya akiwa na deni kubwa kuliko lile aliloingia nalo. Lakini akikubaliana na benki kulipa riba peke yake kwa miezi hiyo 3, atatoa shilingi 27,879 kila mwezi na salio halitasogea. Aliye na chochote mkononi achague kulipa riba. Kusimamisha malipo yote kumfae yule ambaye kweli hana kitu, mfano aliyelazwa hospitalini au ambaye duka limeteketea.

Riba ya asilimia 14 inayogeuka kuwa ghali

Tuchukue sasa ushauri wa jamaa zake. Benki ya pili inatoza asilimia 14, pointi mbili chini ya anayolipa, na iko tayari kumpa miezi 48. Kwenye karatasi ya matangazo jambo limekwisha. Ila deni haliruki kutoka benki moja kwenda nyingine bila kulipiwa njiani.

Benki ya zamani inaweza kutoza ada ya kulipa mapema ikiwa mkataba unasema hivyo. Tuseme ni asilimia 2 ya salio, shilingi 41,800. Benki mpya inatoza ada ya kuandaa mkopo, tuseme asilimia 2.5, shilingi 52,300. Kwa kuwa dhamana ni ardhi, mthamini aende tena kwenye kiwanja, wakili afute rehani ya benki ya kwanza, kisha aandikishe ya benki ya pili na kulipa ushuru wa stempu, ambao kwa rehani nchini Kenya ni asilimia 0.1 ya kiasi kinachodhaminiwa. Ushuru huo ni mdogo. Kinachouma ni ujira wa mthamini na wakili. Tuseme vyote kwa pamoja ni 90,000. Bima mpya ya mkopo ni 20,000. Jumla ya gharama za kuhama ni shilingi 204,100.

Mama huyu hana fedha hizo taslimu. Angekuwa nazo asingekuwa anatafuta nafuu. Basi zinaingizwa ndani ya mkopo mpya, ambao unakuwa shilingi 2,295,012. Kwa asilimia 14 na miezi 48, rejesho ni shilingi 62,715. Limezidi lile la kupanga upya kwa asilimia 16, na limevuka uwezo wake wa 60,000. Kufikia mwisho atakuwa amelipa shilingi 3,010,320, karibu 145,000 zaidi ya njia ya kwanza. Riba imeshuka lakini deni limepanda, na ada zenyewe sasa zinatozwa riba kwa miaka minne.

Ili kuhama kumfae, benki mpya ingelazimika kushusha riba hadi karibu asilimia 11. Mtu aliyepoteza wateja wake wakubwa wawili hapewi bei hiyo. Katika mfumo ambao kila mkopaji hupangiwa riba kulingana na hatari yake, bei nzuri huenda kwa mwenye mauzo yanayopanda.

Mfano huu haumaanishi kwamba kuhamisha mkopo ni kosa siku zote. Angekuwa na mkopo usio na rehani, na mkataba wa zamani usio na ada ya kulipa mapema, gharama zingebaki 72,300 tu. Rejesho lingekuwa shilingi 59,113 na jumla 2,837,424, nafuu ya kama shilingi 28,000 kuliko kupanga upya. Kwa deni kubwa lenye miaka mingi mbele, tofauti huwa kubwa zaidi. Fikiria mfanyakazi mwenye mkopo wa nyumba wa shilingi 6,000,000 uliobakiza miaka 15. Kushuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kunapunguza rejesho lake kutoka 88,122 hadi 79,904. Anaokoa shilingi 8,218 kila mwezi. Hata akitumia shilingi 400,000 kuhama, gharama hiyo inarudi ndani ya miezi 49, na miaka 11 inayobaki ni faida yake.

Kipimo ni hicho: gawanya gharama zote za kuhama kwa akiba ya kila mwezi, muda ukiwa uleule uliobaki. Jibu ni idadi ya miezi ya kurudisha fedha zako. Ikiwa idadi hiyo inakaribia au inazidi miezi iliyobaki kwenye deni, baki ulipo. Ni lazima ulinganishe kwa muda uleule, kwa sababu ukirefusha muda rejesho litashuka hata kama benki mpya ni ghali, nawe utadhani umeokoa. Mama wa sare angehamia asilimia 14 kwa miezi ileile 30, rejesho la salio lake, kabla ya ada, lingekuwa 83,006. Akiba ni shilingi 2,000 na ushei kwa mwezi, kama 60,000 kwa miezi yote. Atumie 204,100 ili aokoe 60,000?

Kinachoandikwa kwenye taarifa zako

Nchini Kenya, taarifa za wakopaji hukusanywa na mashirika yaliyopewa leseni na Benki Kuu, ambayo watu huyaita CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mfumo ulipoanza, benki zilipeleka huko majina ya walioshindwa kulipa tu, na tangu hapo watu wakazoea kusema fulani "ameingizwa CRB" kama vile ni kifungo. Kanuni za 2013 zilipanua wigo, taarifa nzuri nazo zikaanza kupelekwa. Leo karibu kila aliyekopa benki yumo. Jambo la kujiuliza ni faili lako linasema nini.

Kwa kila mkopo, faili linaonyesha kiasi cha mwanzo, salio, rejesho, siku za kuchelewa na hali ya akaunti. Siku za kuchelewa ndizo zenye nguvu kuliko vyote. Kwa miongozo ya Benki Kuu ya Kenya, mkopo uliochelewa hadi siku 30 bado huhesabiwa kuwa wa kawaida. Kuanzia siku ya 31 hadi ya 90 huwekwa chini ya uangalizi. Ukipita siku 90 unahesabiwa kuwa mkopo usiolipika, na benki inalazimika kutenga fedha zake kufidia hasara inayoweza kutokea. Kuanzia hapo benki nzima inakutazama kwa jicho jingine, na taarifa mbaya inapelekwa CRB baada ya wewe kuarifiwa.

Sasa tuone njia zetu mbili zinavyosomeka. Mkopo uliohamishwa huku ukiwa unalipwa vizuri huacha alama nyepesi. Akaunti ya zamani inaonekana imelipwa na kufungwa, jambo jema. Akaunti mpya inafunguliwa, na kando yake inabaki kumbukumbu kwamba benki fulani iliulizia faili lako. Ulizo moja halina madhara makubwa. Maulizo mengi ndani ya wiki chache humwambia msomaji kwamba mtu huyu anahangaika kutafuta fedha, na amekataliwa mahali.

Mkopo uliopangwa upya husomeka kwa namna nyingine. Akaunti ni ileile, historia yake yote imo, ila muda na rejesho vimebadilika. Ndani ya benki yako unawekewa alama ya mkopo uliopangwa upya na kufuatiliwa kwa karibu. Ukienda kuomba mkopo mwingine mwaka huo, tarajia kuulizwa kilichotokea, na mara nyingi tarajia kuambiwa usubiri. Kama ulipanga upya kabla ya kuchelewa, jibu lako ni fupi na faili linakuunga mkono: kipato kilishuka, nilienda benki mapema, sijawahi kuruka rejesho.

Wako wanaodhani wanaweza kuikwepa alama hiyo kwa kuomba benki yao iwape mkopo mpya, mkubwa kidogo, ulipe ule unaosumbua. Kwa jina ni mkopo mpya. Kwa wasimamizi wa benki si hivyo. Mwongozo wa Kamati ya Basel wa Aprili 2017 unasema nafuu yoyote anayopewa mkopaji kwa sababu yuko kwenye dhiki ya fedha ihesabiwe kuwa nafuu ya mkopo, hata ikivikwa vazi la mkataba mpya, na mkopo wa namna hiyo ufuatiliwe kwa angalau mwaka mmoja kabla alama haijaondolewa. Kinachotazamwa ni sababu ya kubadilisha masharti. Kwa hiyo aliye kwenye dhiki akichukua mkopo mpya kufunika wa zamani katika benki ileile analipa ada za kuhama na bado anabaki na alama ya kupanga upya. Hizo ni hasara za pande zote mbili, na naomba msomaji azikimbie.

Siku ya kwanza, ya 45, ya 120

Turudi dukani, tumfikirie mama yuleyule akiingia benki kwa nyakati tatu tofauti.

Akienda kabla hajaruka rejesho hata moja, njia zote ziko wazi. Anaweza kulinganisha bei za kuhama, na anaweza kupanga upya akiwa na faili safi. Hapa ndipo ana nguvu ya kujadiliana kuhusu ada, kwa sababu benki inapoteza mteja mzuri akiondoka.

Akienda siku ya 45, amekwisha kuruka rejesho moja na la pili nalo limepita siku yake. Faili lake linaonyesha kuchelewa zaidi ya siku 30. Benki nyingine ikilisoma, uwezekano mkubwa itakataa, maana hakuna mkopeshaji anayependa kununua tatizo la mwenzake. Kuhamisha kumefungwa, ingawa hakuna aliyemwambia. Kupanga upya bado kunawezekana, lakini malimbikizo lazima yawekwe mahali: ama ayalipe kwanza, ama yaongezwe kwenye deni na yaanze kuzaa riba. Na hata mkopo ukitengemaa, ile miezi ya kuchelewa inabaki kwenye historia.

Akienda siku ya 120, mkopo umekwisha kuhesabiwa kuwa usiolipika. Kupanga upya kunaweza kuzuia mnada wa kiwanja, na hilo si jambo dogo, lakini hakumrudishi kwenye hali ya kawaida siku ya kutia saini. Benki inataka kwanza ione malipo kamili, mwezi baada ya mwezi, chini ya ratiba mpya. Taarifa ya kushindwa kulipa hubaki kwenye faili miaka 5 tangu deni lilipwe. Hali itasomeka kuwa limelipwa, lakini kumbukumbu haitafutika mapema kwa sababu umemaliza.

Nchi nzima ililiona jambo hili mwaka 2020. Tarehe 18 Machi, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza nafuu kwa wakopaji walioathirika, na ikaamuru gharama za kurefusha na kupanga mikopo upya zibebwe na benki zenyewe. Kufikia Februari 2021 mikopo ya karibu shilingi trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki, ilikuwa imepangwa upya. Lakini nafuu hiyo ilihusu mikopo iliyokuwa ikilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi 2020. Hata katika janga, mstari ulichorwa kati ya aliyekuwa amechelewa na ambaye hakuwa amechelewa.

Ndiyo maana kosa ninalolihofia zaidi ni la mpangilio wa hatua. Mtu anaona dhiki inakuja, anaona aibu kumwambia afisa wa benki yake, anaanza kuzunguka benki nyingine akitafuta wa kumnunulia deni. Kila benki inataka taarifa za akaunti za miezi 6, kila moja inauliza faili lake CRB, kila moja inachukua wiki mbili tatu kujibu. Siku zinahesabika. Anaporudi kwa benki yake kuomba kupangiwa upya, ni siku ya 100, ana maulizo manne kwenye faili na mkopo usiolipika. Afuate mpangilio wa kinyume: aanze kwa benki yake, aandike barua ya kuomba kupanga upya kabla rejesho la kwanza halijaruka, na huku akisubiri jibu achukue bei kutoka benki moja au mbili kwa mdomo, bila kujaza fomu ya maombi.

Mahali ambapo mambo huharibika baada ya saini

Kupanga upya huharibika kwenye mfumo wa kompyuta wa benki. Barua ya makubaliano imetiwa saini tarehe 10, lakini ratiba ya zamani bado inakimbia ndani ya mfumo. Mama analipa 59,257 kama walivyokubaliana; mfumo unasubiri 85,021 na kuhesabu upungufu kuwa malimbikizo. Mwezi wa pili upungufu unaongezeka, na siku za kuchelewa zinapanda pole pole ilhali yeye ana risiti zote. Dalili ni ujumbe wa simu unaotaja kiasi cha zamani. Omba taarifa ya akaunti mwezi wa kwanza baada ya makubaliano, uangalie rejesho linalodaiwa na malimbikizo. Kama malimbikizo si sifuri, rudi siku hiyohiyo na barua yako. Kama kuna mdhamini, hakikisha naye ametia saini masharti mapya, maana yeye alidhamini masharti ya zamani.

Kuhamisha huharibika kwenye salio la mwisho. Benki ya zamani hutoa barua inayotaja kiasi cha kumaliza deni kufikia tarehe fulani. Deni la mama wa sare linazaa shilingi 916 za riba kila siku. Barua ikisema fedha zifike tarehe 5, nazo zikafika tarehe 17, kunabaki shilingi 11,000 ambazo hakuna anayeziona. Mama anadhani amemaliza. Benki ya zamani ina akaunti yenye deni dogo lisilolipwa, nayo baada ya siku 90 ni mkopo usiolipika kama mwingine wowote. Udogo wake haumwokoi, kwa kuwa kima cha kuripotiwa vibaya ni shilingi 1,000.

Kinga yake ni barua ya pili. Fedha zikishalipwa, dai barua inayosema salio ni sifuri na akaunti imefungwa, pamoja na hati ya kufuta rehani. Kisha, baada ya miezi miwili, chukua ripoti yako ya CRB uone kama akaunti ile inasomeka hivyo. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka, na hapa ndipo mahali pazuri pa kuitumia. Ukikuta kosa, peleka barua ya benki kwa shirika la CRB na udai lirekebishwe.

Kupunguza gharama ya kupanga upya

Mama wa sare, basi, apange upya. Atalipa 59,257 na kubaki na faili lisilo na siku ya kuchelewa. Lakini halazimiki kulipa zile 294,000 zote za nyongeza, na jambo hili huwapita wengi kwa sababu halimo kwenye fomu.

Tuseme mwaka mmoja baadaye duka limepata shule nyingine na mauzo yamerudi. Salio lake wakati huo ni kama shilingi 1,685,500. Akirudi kulipa 85,021 kama zamani, deni litakwisha ndani ya miezi 24 badala ya 36 iliyobaki. Riba atakayoiepuka ni karibu shilingi 160,000, zaidi ya nusu ya gharama ya kupanga upya. Kwa hiyo siku ya kutia saini adai maneno mawili yaandikwe kwenye barua: kwamba anaweza kulipa zaidi ya rejesho wakati wowote bila ada, na kwamba kila ziada ipunguze salio la msingi na kufupisha muda. Bila maneno hayo, benki nyingi huweka ziada pembeni kama malipo ya awali ya mwezi unaofuata, na riba inaendelea kuhesabiwa juu ya salio lilelile.

Na akishakuwa na mwaka mzima wa malipo safi chini ya ratiba mpya, aende akaulizie bei ya kuhama. Wakati huo atakuwa na mauzo ya kuonyesha na faili linalosomeka vizuri, na asilimia 14 ile aliyoiacha inaweza kuwa 13. Apige tena hesabu ya gharama kugawanya kwa akiba ya mwezi. Ikimkubalia ahame, isipomkubalia, aendelee kulipa ziada pale alipo.